Kuvu na Mwani Juu ya Jiwe Tupu

Muhula uliopita mwalimu mwenzangu afundishaye elimu ya viumbe alinijia na swali ambalo, kwa maoni yake, lilikuwa la lugha tu. Alikuwa akitayarisha somo juu ya yale mabaka ya kijivu, ya manjano na ya kijani hafifu yaliyoganda juu ya mawe ya kilima kilicho nyuma ya shule yetu, huku mashariki ya Uganda, naye alitaka kujua kama yafaa kuwaambia wanafunzi kuwa mabaka hayo ni "ndoa" baina ya kuvu na mwani. Nilimjibu kwamba kwa desturi zetu ndoa haifungwi kabla ya kuuliza habari za pande zote mbili. Basi nikaazima vitabu vyake, nikaazima na kioo chake cha kukuzia, na kwa wiki kadhaa nikawa napanda kilimani alfajiri kabla ya kengele ya shule. Haya niyaandikayo hapa ni habari za posa hiyo.

Tuanze na jina. Watu wengi wakiona mabaka hayo husema jiwe limeota kuvu, au limeshika ukungu, na hawakukosea sana, ingawa wametaja upande mmoja tu. Wataalamu huyaita likeni, nami nitalitumia neno hilo kama lilivyo, maana limekwisha kuvaa silabi zetu bila taabu. Neno mwani nalo lataka tahadhari. Mtu wa pwani akilisikia atakumbuka majani ya baharini yanayoanikwa kwenye fukwe za Unguja. Mwani wa likeni ni wa ukoo mwingine, tena mdogo mno: ni chembe moja moja za kijani za mviringo, zisizoonekana kwa macho. Ule unaopatikana mara nyingi zaidi huitwa trebuksia. Na msomaji asiichanganye likeni na kuvumwamba wala na zile nyasi laini za kijani zitambaazo mahali penye majimaji. Hizo ni mimea kamili, na kwa kioo utaviona vijani vyake. Likeni haina jani, haina shina, haina mzizi.

Nilibandua kwa wembe kipande cha likeni ya namna ya jani, ile ambayo kingo zake huinuka kidogo kutoka kwenye jiwe, tukakikata kwa unyembamba kadiri mkono ulivyoweza, tukakitia chini ya hadubini. Kilichoonekana ni mfano wa nyumba. Juu kuna paa, nalo ni nyuzi za kuvu zilizoshonana hata zikawa kama ngozi. Chini ya paa kuna utepe mwembamba wa kijani: hizo ndizo chembe za mwani, kila moja imezungukwa na nyuzi za kuvu kama yai mkononi. Chini ya hapo kuna ukumbi mpana wa nyuzi zilizolegea, zenye nafasi nyingi za hewa. Na chini kabisa ngozi nyingine yenye vishikizo vya kushikia jiwe. Vishikizo hivyo ni kamba tu, havinyonyi maji kama mizizi. Mwenzangu alinionyesha jambo ambalo kwa mwalimu wa lugha lina ladha yake: karibu nyumba nzima ni kuvu, na mwani ni ule utepe tu. Hata jina la kitaalamu la likeni, kwa kanuni za wenye elimu ya mimea, ni jina la kuvu aliyemo. Mwani una jina lake mbali.

Kwamba humo ndani mna viumbe wawili ni habari iliyochelewa kukubaliwa. Hadi katikati ya karne ya 19 wataalamu wa Ulaya waliihesabu likeni kuwa mmea mmoja, na zile chembe za kijani wakaziona kuwa kiungo chake. Mwaka 1867 Mswisi mmoja, Simon Schwendener, alitangaza kwamba chembe zile ni mwani, na kwamba kilichobaki ni kuvu aliyeuzunguka. Mfano aliouchagua haukuwa wa ndoa hata kidogo. Yeye alisema kuvu ni bwana na mwani ni watumwa wake. Wakubwa wa elimu hiyo walimkataa kwa ukali, mbele yao William Nylander, Mfini aliyeishi Paris, ambaye hakulikubali jambo hilo mpaka alipofariki mwaka 1899. Wengine wakaligeuza mzaha. Katika miaka ya 1870 watafiti kadhaa walichukua spora za kuvu, yaani vijimbegu vyake, wakaziweka karibu na mwani, wakaona nyuzi zikiukumbatia; ubishi ukaanza kupungua. Katika miaka hiyohiyo Wajerumani Albert Frank na Anton de Bary walitafuta neno jipya lisilomlaumu yeyote, wakalipata katika Kigiriki, lenye maana ya kuishi pamoja. Sisi tumelitafsiri mara ushirika, mara kutegemeana. Ni maneno mema, ila hayatuambii nani hutoa nini, wala nani hulipa.

Sasa tuone mapato na matumizi ya nyumba hii. Mwamba wetu ni matale, jiwe gumu lisilonywa maji. Saa nane mchana mwezi wa Januari huwezi kuukalia. Mvua ikinyesha, baada ya saa moja au mbili uso wake umekauka. Kuvu peke yake hapo angekufa njaa, kwa kuwa kuvu hawezi kujitengenezea chakula. Huoza vya wengine, na juu ya jiwe tupu hakuna cha kuozesha. Mwani peke yake una uwezo wa kutengeneza sukari kwa nuru ya jua, maji na hewa ya kaboni, lakini jua lile bila kivuli lingeuunguza. Kwa hiyo mmoja ana jiko na hana paa, mwingine ana paa na hana jiko.

Lakini hata wakikaa pamoja maji hayaongezeki. Hapa ndipo penye jambo la ajabu zaidi katika habari nzima. Mmea wa kawaida hupigana na ukavu: una mizizi ya kutafuta maji, na una nta juu ya majani ya kuyazuia yasitoke. Likeni haina hiki wala kile. Jiwe likiwa bichi, nayo ni mbichi; jiwe likikauka, nayo hukauka hata maji yaliyobaki mwilini huwa hayafiki sehemu moja ya kumi ya uzito wake mkavu. Hapo huacha kula, huacha kupumua kwa kiasi cha kupimika, hukaa tu. Haijafa. Joto ambalo lingeiua ikiwa mbichi huivumilia ikiwa kavu. Mwaka 2005 likeni za aina mbili ziotazo juu ya mawe zilipandishwa angani katika chombo cha Kirusi kiitwacho Foton, zikawekwa wazi nje kwa muda wa majuma mawili, pasipo hewa na mbele ya jua lisilochujwa; ziliporudishwa duniani na kutiwa maji, ziliendelea na kazi yake.

Siri ya kukauka bila kufa imo katika chakula chenyewe. Mwani wa kijani hutengeneza aina ya sukari iitwayo ribitoli, ambayo huvuja nje ya chembe na kupokewa na kuvu, naye huigeuza kuwa sukari nyingine, manitoli, ambayo mwani hauwezi kuitumia tena. Maji yanapotoka mwilini, sukari hizi huzidi kuwa nzito, mfano wa asali, kisha hugandamana kama kioo. Viungo vidogo vya ndani ya chembe hukamatwa humo, kila kimoja mahali pake, visigongane wala visivunjike. Maji yakirudi, kioo huyeyuka na kazi huendelea. Kwa hiyo kile anacholipwa kuvu kwa ajili ya paa lake ni chakula chake na ndicho kinga yake pia.

Jaribio la kuyaona haya halihitaji maabara. Chukua tone la maji kwa ncha ya jani, ulidondoshe juu ya baka kavu la kijivu. Kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini au thelathini, mahali pale hugeuka kijani kibichi, kwa sababu paa likilowa hupitisha nuru, na utepe wa mwani ukaonekana kupitia juu yake. Baka lililokufa nalo hulowa, lakini hubaki jeupe au la hudhurungi, na mara nyingi utalikuta limebanduka katikati. Hivyo ndivyo tulivyopambanua wazima na wafu katika kilima kile, tone kwa tone, na wanafunzi walilipenda jaribio hilo kuliko somo lenyewe.

Nilifuatilia baka moja asubuhi nyingi za kiangazi, nami naomba ndugu msomaji anivumilie nilieleze kwa utaratibu. Usiku mwamba hupoa, na ukipoa kuliko hewa iliyo juu yake, umande hutua. Likeni huunywa kama sifongo. Hata pasipo umande wa matone, likeni yenye mwani wa kijani huweza kuamshwa na unyevu wa hewa peke yake. Lakini kuamka gizani ni gharama: viumbe wote wawili hupumua na kuitumia sukari ya jana, na hakuna iingiayo. Jua likichomoza, jiko huwashwa. Kwa muda mfupi vitu viwili adimu hukutana, maji na nuru, na hapo ndipo likeni inapochuma. Kufikia saa tatu asubuhi baka langu lilikuwa limerudia kijivu na kazi imesimama hadi kesho. Mjerumani Otto Lange alipima jambo hilihili katika jangwa la Negev, akaona kwamba likeni za kule huchuma katika saa chache tu baada ya macheo, na saa hizo hutosha kuzilisha.

Hutosha, lakini kwa shida. Kila likeni inapolowa baada ya kukauka, hupumua kwa nguvu kwa muda na kupoteza sehemu ya akiba yake, kama mtu anayelipa kiingilio kabla ya kufungua duka. Manyunyu yanayolowesha jiwe kwa dakika chache mchana, kisha yakakauka, yanaweza kuleta hasara tupu. Mvua ya jioni inayokauka kabla ya mapambazuko ni hasara pia, kwani saa zote za kuwa mbichi zimepita gizani. Na maji mengi mno nayo hayafai, sababu yakijaa katika nafasi za ndani hewa haipiti vyema, na jiko likakosa kaboni. Hapo kuvu ana kazi nyingine ambayo sikuitarajia: kuta za nyuzi zake katika ule ukumbi hufunikwa na utando unaokataa maji, ili maji yapite ndani ya kuta na nafasi zibaki kwa ajili ya hewa.

Baada ya kusoma hayo nilikuwa karibu kumruhusu mwenzangu aandike ndoa ubaoni. Kilichonizuia ni mambo mawili.

La kwanza ni ule uvujaji wa sukari. Katika miaka ya 1960 Mwingereza David Smith na wenzake walifuatilia kaboni kutoka kwa mwani kwenda kwa kuvu. Walipoutenga mwani na kuukuza peke yake, baada ya muda mfupi uliacha kuvujisha sukari ukajiwekea yenyewe. Yaani ukarimu ule si tabia ya mwani. Upo maadamu kuvu yupo, na yeye ndiye auchocheaye. La pili ni kazi ya Vernon Ahmadjian, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Clark huko Marekani. Yeye alitenganisha kuvu na mwani wa likeni, akawakuza mbalimbali, kisha akajaribu kuwakutanisha tena katika chupa. Mahali palipokuwa na chakula na maji ya kutosha, kila mmoja aliota kwa njia yake, na likeni haikutokea. Ilimbidi awanyime chakula na awape maji kwa zamu, mara bichi mara kavu, ndipo nyuzi zikaanza kuzizunguka chembe na nyumba ikajengeka. Aliona pia kwamba kuvu hutia vidole vyake ndani ya baadhi ya chembe za mwani, na nyingine hufa. Yeye aliuona uhusiano huo kuwa unyonyaji uliodhibitiwa: mwani huongezeka kwa kasi inayozidi kidogo ile ya kuuawa, na hivyo shamba halimalizwi.

Nimesema shamba, na huenda neno hilo ndilo lililo karibu zaidi na ukweli. Wapo wataalamu wa siku hizi wanaomwona kuvu kama mkulima aliyeanza kulima kabla ya binadamu. Mkulima hupenda mazao yake kwa namna yake: huyapa kivuli, huyapalilia, huyapanda mahali ambapo peke yake yasingeota, na huyala. Mwani nao hupata makao juu ya mwamba mkavu ambapo usingedumu peke yake. Ila mfano huo nao una kasoro, maana mkulima aweza kuhama shamba, na kuvu wa likeni akitengwa na mwani, porini hana maisha.

Isitoshe, hesabu ya wawili yenyewe imetiwa shaka. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walieleza kwamba katika ngozi ya baadhi ya likeni wamekuta kuvu wa pili, wa jamii ya hamira, ambaye muda wote huo hakuonekana. Baadaye watafiti wengine walimtafuta katika likeni nyingine. Katika baadhi wamemwona, katika nyingi hawakumwona. Mwenzangu alicheka sana niliposoma habari hiyo. Akasema, "Mwalimu, kumbe posa yako ina mwenyeji wa tatu."

Nilimpa jibu hili: aandike "ubia". Wabia huungana kwa sababu ya mtaji ambao mmoja peke yake hana; mmoja aweza kuwa na hisa kubwa na sauti kubwa; hesabu zao si lazima ziwe za haki; na hali ya uchumi ikibadilika, ubia waweza kuvunjika. Neno ndoa lina ahadi ndani yake, na juu ya ule mwamba hakuna aliyeahidi. Aliliandika. Wanafunzi wa nyuma walibisha kwamba wao wanajua ndoa nyingi zilizo kama ubia huo, nasi tuliwaacha wabishane mpaka kengele ikalia.

Kuna jambo moja zaidi, nalo sikulipata vitabuni. Upande wa pili wa kilima wazazi wa baadhi ya wanafunzi wetu huvunja kokoto. Huwasha moto juu ya mwamba hata jiwe likapanuka na kubambuka, kisha humalizia kwa nyundo. Karo nyingi za shule hutoka humo. Asubuhi moja mama mmoja alisimama na karai lake kichwani akaniuliza, "Mwalimu, kila siku unatafuta nini kwenye jiwe?" Nikamdondoshea tone, akaliona baka likigeuka kijani. Akatikisa kichwa. "Kumbe linaishi," alisema. "Sisi twajua tu kuwa jiwe lenye madoa haya ngozi yake imelegea. Ndilo tunaanza nalo."

Mama yule alikuwa amesema kwa maneno machache yale ambayo vitabu huyaeleza kwa kurasa. Nyuzi za kuvu hupenya katika nyufa za jiwe kwa kina cha milimeta chache. Kila zinapolowa huvimba, kila zinapokauka hujikunja, na kuvuta huko kwa mamia ya miaka hulegeza chembechembe za jiwe. Kuvu pia hutoa asidi inayoyeyusha madini. Unga unaopatikana hunaswa kwenye kingo pamoja na vumbi na mabaki ya likeni zilizokufa, na huo ndio mwanzo wa udongo wa kwanza juu ya jiwe. Kwa sababu hiyohiyo haifai kukwangua likeni kwenye michoro ya kale, kama ile miviringo myekundu ya mapango ya Nyero katika wilaya ya Kumi. Anayekwangua atang'oa na rangi.

Baka langu lilikuwa na upana wa sentimeta 12. Likeni zinazoganda kabisa juu ya jiwe hukua polepole mno, nyingi kwa kiasi kisichofikia milimeta moja kwa mwaka kila upande. Tukikisia nusu milimeta, baka hilo lina umri wa miaka 120 hivi, nalo lilianza kabla ya shule yetu kujengwa na kabla ya babu zetu wengi kujua kusoma. Moto mmoja wa wavunja kokoto hulimaliza kabla ya adhuhuri, na uso mpya wa jiwe hubaki mtupu kwa miaka, hata upepo ulete spora ipate bahati ya kukutana na mwani unaofaa, au ulete punje ndogo iliyokwisha kubeba wote wawili.

Sikumwambia mama yule aache. Ningemwambiaje, na mwanawe yuko darasani mwangu? Nilimwomba tu kama wanaweza kuuacha ule uso wa mashariki kwa muda, naye akasema atawauliza wenzake. Wanafunzi wamekwisha kuyachora mabaka saba juu ya karatasi ya nailoni inayoonyesha, kwa kalamu isiyofutika, na kuandika tarehe. Moto wa mwisho uliwashwa hatua arobaini kutoka hapo. Kipimo cha pili tutakichukua mwezi wa Februari, ikiwa mwamba utakuwapo.